Chipu Inaposita Kati ya Sifuri na Moja

Kihisi cha kupimia maji kinachofungwa kwenye bomba kina gurudumu dogo lenye sumaku. Maji yakipita, gurudumu linazunguka, na kila sumaku inapokatiza mbele ya kihisi, waya wa ishara unapanda hadi volti 5, kisha unashuka. Unganisha waya huo na bodi ya Arduino Uno, ile inayopendwa na wanafunzi wa elektroniki, na programu ya mistari michache itakuhesabia mizunguko na kukuambia lita ngapi zimepita. Kazi inaonekana nyepesi. Hata hivyo, pale waya huo unapoingia kwenye chipu kuna tatizo lililowasumbua wabunifu wa kompyuta kwa miongo kadhaa, na mpaka leo halina dawa ya kulimaliza. Lina dawa ya kulipunguza tu.

Chanzo chake ni saa. Chipu ya Uno, ATmega328P, huendeshwa na mapigo milioni 16 kwa sekunde, na kila kinachotendeka ndani yake hufuata mapigo hayo. Kati ya pigo na pigo kuna nanosekunde 62.5, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Maji ya bomba hayana habari na mapigo hayo. Waya wa kihisi unaweza kupanda katikati ya mapigo mawili, unaweza kupanda mara baada ya pigo, na siku nyingine utapanda sawia na pigo lenyewe. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Ili kuona kwa nini, inabidi tuingie ndani ya kifaa kinachotunza biti moja, yaani flipflopu. Flipflopu ya kawaida ina mguu wa kupokea data, mguu wa kupokea saa na mguu wa kutoa jibu. Pigo la saa linapopanda, inachukua kilichopo kwenye data, kiwe sifuri au moja, na kukitoa kwenye jibu. Baada ya hapo data ibadilike itakavyo, jibu halitikisiki mpaka pigo lijalo.

Kumbukumbu hiyo inatokana na mageti mawili ya kukanusha yanayolishana. Geti la kukanusha likipewa sifuri hutoa moja, likipewa moja hutoa sifuri. Ukiyafunga mawili kwa duara, la kwanza likilisha la pili na la pili likilisha la kwanza, basi kila moja linathibitisha kauli ya mwenzake na hali inabaki vilevile muda wote umeme ukiwepo. Katika chipu nyingi za leo, flipflopu moja ina vitanzi viwili vya namna hiyo, kimoja nyuma ya kingine, pamoja na swichi ndogo za transista. Kabla ya pigo, swichi ya kuingilia iko wazi na data inaingia kwenye kitanzi cha kwanza. Pigo linapopanda, swichi hiyo inafunga, kitanzi cha kwanza kinajishika, na cha pili kinapokea na kutoa jibu.

Sasa fikiria data inayobadilika nanosekunde chache mno kabla ya swichi kufunga. Volteji haijamaliza kuyapita mageti yote mawili na kujithibitisha, na tayari mlango umefungwa. Kwa hiyo mtengenezaji huweka sharti: data iwe imetulia kwa muda fulani kabla ya pigo. Huo ndio muda wa kutangulia. Kuna sharti la pili, kwa kuwa swichi haifungi papo hapo: data iendelee kutulia kwa muda fulani baada ya pigo. Huo ni muda wa kushikilia. Katika karatasi ya maelezo ya SN7474, chipu ya zamani ya Texas Instruments yenye flipflopu mbili, muda wa kutangulia ni nanosekunde 20 na wa kushikilia ni nanosekunde 5. Mpangilio wa ndani wa chipu hiyo ni tofauti kidogo na niliouelezea, ila masharti ni yaleyale. Katika chipu za sasa muda huo umeshuka chini ya nanosekunde moja, lakini ukiijumlisha yote miwili haiwi sifuri.

Pale ambapo flipflopu moja inailisha nyingine, na zote zinafuata saa moja, mbunifu anaweza kuyatimiza masharti hayo kwa hesabu. Anajua data inatoka lini, inapita kwenye mageti mangapi na inafika lini. Ikichelewa kiasi cha kuvunja muda wa kutangulia, ana njia rahisi ya kujiokoa: apunguze kasi ya saa, data ipate nafasi ya kufika. Muda wa kushikilia una tabia nyingine kabisa. Huo huvunjwa na data inayowahi mno: flipflopu ya kwanza imeshatoa jibu jipya, nalo limefika kwa ya pili kabla hiyo ya pili haijamaliza kulishika lile la zamani. Hutokea zaidi pale waya wa saa wa flipflopu ya pili ulipo mrefu, pigo likaifikia kwa kuchelewa. Kupunguza kasi ya saa hakusaidii kitu, kwani kosa linafanyika kuzunguka pigo lilelile moja, wala si kati ya pigo hili na linalofuata. Chipu iliyotoka kiwandani na kosa la namna hiyo itakosea kwa kasi yoyote ile, na ndiyo maana wabunifu huongeza mageti ya kuchelewesha data kwa makusudi. Fundi anayetafuta kosa kwenye bodi hupata hapa kipimo chepesi: punguza saa, uone. Kosa likitoweka, yaelekea data inachelewa. Likibaki, usiendelee kulaumu kasi.

Ishara ya maji, lakini, haina saa ya kuifuata. Hakuna hesabu itakayohakikisha kwamba haitabadilika ndani ya kile kipindi kifupi kinachozunguka pigo. Ikiendelea kuja siku baada ya siku, kuna siku itaangukia humo.

Ikiangukia humo, mara nyingi hakuna madhara: flipflopu inachukua thamani ya zamani au mpya, na yoyote kati ya hizo inafaa, maana ishara yenyewe ilikuwa njiani kubadilika. Taabu huja pale swichi inapofunga wakati volteji ndani ya kitanzi iko karibu kabisa na katikati, si sifuri wala moja. Mageti mawili yanalishana volteji ya nusunusu na hakuna linaloweza kumshinda mwenzake. Wahandisi huiita hali hiyo metastabiliti. Ni kama nazi iliyodondoka juu ya paa na kutua kwenye mgongo wake hasa, pale pande mbili zinapokutana. Itaporomokea upande mmoja, hilo halina shaka, lakini huwezi kusema upande gani, na huwezi kusema lini.

Neno “lini” ndilo lenye uzito. Kadiri volteji ilivyo mbali na kile kituo cha katikati, ndivyo mageti yanavyoisukuma kwa nguvu zaidi. Tofauti inakua kwa kuzidishwa: kila unapopita muda fulani mdogo, unaoandikwa kwa herufi ya Kigiriki tau, tofauti inakuwa takriban mara 2.7 ya ilivyokuwa. Tuseme tofauti ilianza na sehemu moja ya milioni ya volti, na inahitajika volti nzima ili jibu lieleweke. Inabidi ikue mara milioni moja, na hiyo ni tau 14 hivi. Kama ilianza na tofauti ndogo zaidi, itahitaji tau nyingi zaidi. Kwa sababu hakuna tofauti iliyo ndogo kuliko zote, hakuna pia muda ambao mhandisi anaweza kuutaja na kuapa kwamba ukifika, kila flipflopu itakuwa imeamua.

Wataalamu wengi walichukua muda kulikubali hilo. Mwaka 1973, Thomas Chaney na Charles Molnar wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walichapisha makala fupi katika jarida la IEEE Transactions on Computers wakionyesha tabia hii kwa vipimo vya saketi halisi. Hapo kabla kulikuwa na wahandisi walioamini kwamba tatizo ni la nadharia tu, au kwamba saketi iliyobuniwa kwa ustadi zaidi ingeliondoa. Hata baada ya makala hiyo, waliendelea kujitokeza watu waliodai kuwa wamebuni flipflopu isiyosita. Ukizichunguza saketi za namna hiyo, utakuta kusita kumehamishiwa mahali pengine. Kuna wanaoongeza geti la kutambua kwamba flipflopu imesita. Hilo geti nalo linatakiwa kuamua “imesita” au “haijasita”, na linaweza kusita palepale.

Kwa hiyo swali la mhandisi si jinsi ya kuzuia kusita. Swali ni: nitaipa flipflopu muda gani iamue kabla mtu mwingine hajalitumia jibu lake? Tulifanyie hesabu. Chukua bodi yenye saa ya megahezi 100, yaani pigo kila nanosekunde 10, inayopokea ishara ya nje inayobadilika mara milioni moja kwa sekunde. Tuseme kipindi cha hatari kuzunguka kila pigo ni nanosekunde 0.1, na tau ni nanosekunde 0.2. Namba hizi nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Za chipu yako utazipata kwa mtengenezaji wake. Kipindi cha hatari ni sehemu moja ya mia ya muda wote, kwa hiyo katika mabadiliko milioni moja, 10,000 yataangukia humo kila sekunde. Wastani wa muda kati ya kosa na kosa ni huu:

```
MTBF = e^(t/τ) / (Tw × fc × fd)
```

Hapo `t` ni muda tunaoiachia flipflopu iamue, `Tw` ni kipindi cha hatari, `fc` ni kasi ya saa, na `fd` ni kasi ya mabadiliko ya ishara. Kwanza tuifunge ishara kwenye flipflopu moja, na jibu lake lipite kwenye mageti yanayokula nanosekunde 8 kabla ya pigo lijalo. Muda wa kuamua uliobaki ni nanosekunde 2, sawa na tau 10. Namba `e` ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 10 inatoa kama 22,000. Gawanya kwa 10,000: bodi itakosea kila baada ya sekunde 2.2. Bodi hiyo haifai kwa lolote.

Sasa tuongeze flipflopu ya pili mara baada ya ile ya kwanza, bila geti lolote katikati. Flipflopu ya kwanza inaachiwa karibu muda wote wa pigo zima. Tuondoe nanosekunde moja kwa ajili ya waya na muda wa kutangulia wa ile ya pili, zibaki 9, sawa na tau 45. Kosa sasa linakuja, kwa wastani, mara moja katika miaka milioni 110. Hatukununua chipu bora zaidi wala hatukubadilisha ishara. Tumeongeza flipflopu moja na kusubiri pigo moja zaidi. Saketi hiyo ya flipflopu mbili ndiyo kilandanishi, na katika lugha ya Verilog inayotumika kubuni chipu ni mistari minne tu:

```
always @(posedge clk) begin
  a <= maji;
  b <= a;
end
```

Sehemu nyingine yote ya saketi itumie `b`. Asiwepo anayeigusa `a`.

Mwanafunzi akiona miaka milioni 110 huona shughuli imekwisha. Namba hiyo inadanganya kwa urahisi, kwa kuwa imekaa juu ya kipeo. Ongeza kasi ya saa ya bodi ileile hadi megahezi 200. Pigo sasa linakuja kila nanosekunde 5. Ukitoa ile moja zinabaki 4, yaani tau 20, na mabadiliko yanayoangukia kipindi cha hatari yamekuwa 20,000 kwa sekunde. Fanya hesabu upya: kosa linakuja kila baada ya saa 6 na dakika 44 hivi. Kutoka miaka milioni 110 hadi chini ya saa saba, kwa kuongeza kasi mara mbili tu! Flipflopu ya tatu itairudisha bodi kwenye miaka zaidi ya 370,000. Ndiyo sababu saketi iliyofanya kazi vizuri kwa miaka mingi inaweza kuanza kukosea baada ya mtu kuinakili katika chipu yenye saa ya kasi zaidi, bila kubadilisha hata mstari mmoja.

Turudi kwenye Uno. Watengenezaji wa ATmega328P wameliona tatizo hili na kulitibu ndani ya chipu yenyewe. Kila mguu wa kupokea ishara unapita kwenye komeo la kielektroniki, kisha kwenye rejista iitwayo `PIN`, na viwili hivyo vinafanya kazi ya kilandanishi. Karatasi ya maelezo inasema wazi kwamba vimewekwa ili kuepuka metastabiliti, na inataja gharama yake: ishara inachelewa kati ya nusu pigo na pigo moja na nusu, ambayo kwa megahezi 16 ni kati ya nanosekunde 31 na 94. Gharama hiyo unaweza kuiona mwenyewe. Andika thamani kwenye mguu kwa lugha ya asembli, kisha jaribu kuisoma mara moja kupitia `PIN`: utapata thamani ya zamani, kwa sababu mpya bado iko ndani ya kilandanishi. Karatasi hiyohiyo inaelekeza uweke amri tupu katikati:

```
out PORTB, r16
nop
in  r17, PINB
```

Hapa nitenganishe jambo ambalo mafunzo mengi hulichanganya. Kitufe cha kubonyeza kikikupa hesabu tatu badala ya moja, hiyo si metastabiliti. Ni vipande vya chuma vinavyogongana na kuachana mara kadhaa kabla ya kutulia, na huchukua milisekunde, muda ambao kwa chipu ni mapigo maelfu kwa maelfu. Kilandanishi hakitibu hilo. Kitapokea kila mgongano na kuupitisha kwa uaminifu. Kitufe kinahitaji dawa zote mbili: kilandanishi kwa ajili ya saa, na kuchuja kwa ajili ya chuma.

Kilandanishi kina mpaka mwingine ulio hatari zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuuvuka akiamini amefuata kanuni. Kinalinda biti moja. Tuseme hesabu ya maji inatunzwa kwenye saketi yenye saa yake, na inapaswa kusomwa na saketi yenye saa nyingine. Mbunifu anaweka kilandanishi kwenye kila waya wa namba, halafu anaridhika. Hesabu inatoka 7 kwenda 8: kwa biti nne, kutoka 0111 kwenda 1000. Biti zote nne zinabadilika kwa pamoja, na pigo la msomaji likiangukia hapo, kila kilandanishi kitaamua peke yake, kimoja kwa thamani ya zamani na kingine kwa mpya. Msomaji anaweza kupata 1111, ambayo ni 15, au 0000. Hakuna flipflopu hata moja iliyosita kupita kiasi, na bado namba ni ya uongo. Kosa la jinsi hiyo hutokea hata kwa ishara ya biti moja, pale sehemu mbili za saketi zinapoilandanisha kila moja kwa flipflopu zake: pigo moja hii inaona maji yamepita, ile inaona hayajapita.

Dawa ya namba inayopanda moja moja ni kuiandika kwa msimbo wa Gray, ambamo kila hatua hubadilisha biti moja tu. Humo 7 ni 0100 na 8 ni 1100. Msomaji anayefika katikati ya mabadiliko anapata 7 au 8, na zote mbili ni za kweli. Data isiyopanda kwa mpangilio, kama vile herufi au vipimo vya joto, haifai kwa msimbo huo. Hiyo huachwa imetulia kwenye rejista, na biti moja tu ya “data iko tayari” ndiyo inayovushwa kupitia kilandanishi. Biti hiyo ikishafika, data imetulia zamani.

Utajuaje kama bodi yako ina ugonjwa huu? Dalili yake ni kosa lisilorudi ukilitafuta: kifaa kinakwama mara moja kwa wiki, ukikizima na kukiwasha kinapona, na kinabadilika tabia kukiwa na joto au ukibadilisha chipu na nyingine ya aina ileile. Uigaji kwenye kompyuta kwa kawaida hauonyeshi kitu, maana katika uigaji wa kawaida biti ni sifuri au moja. Programu ya kukagua muda nayo hunyamaza, kwani hukagua njia za saa moja. Kati ya saa mbili zisizohusiana haina cha kupimia. Njia ninayoiamini ni ya mkono na ya kuchosha: andika kila ishara inayoingia, andika inafuata saa gani, na kila inapovuka kwenda saa nyingine hakikisha kuna kilandanishi kimoja tu. Kama unatumia programu ya Vivado kwa chipu zinazobuniwa upya, zitie flipflopu hizo alama ya `ASYNC_REG`, ili ziwekwe karibukaribu na zisigeuzwe kuwa kitu kingine. Waya mrefu kati yake unakula ule muda wa kuamua uliokusudia kuulinda.

Na ukiona mistari miwili ya flipflopu ndani ya kazi ya mwenzako inayoonekana haifanyi lolote zaidi ya kuchelewesha ishara, usiifute kabla ya kumuuliza ishara hiyo inatoka kwenye saa gani.